Vilele viwili 25 kati ya 40: chati imesema nini hasa?

*"Shikamoo mwalimu. Nina mwaka na nusu najifunza kusoma chati za EUR/USD za dakika 15. Nimerudi nyuma nikahesabu vilele viwili 40, na 25 kati yake vilifanya kazi, stoplosi pipsi 20 na lengo pipsi 20. Rafiki yangu anayesoma uchumi chuoni ananiambia bei inakwenda kwa bahati tu, najisumbua bure. Nani mkweli kati yetu? Nina milioni mbili ya Tanzania nataka kuiingiza kwa broka."*

Marahaba. Kwa kuwa pesa iko mkononi, nitangulize jibu: kwa chati ya dakika 15 na kwa ushahidi ulionao, rafiki yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Anakosea anaposema bei yote ni bahati. Yapo mambo ambayo watafiti wameyapima miaka mingi na yakasimama, ila yako mbali na hapo unapoyatafuta.

Tuchukue hiyo 25 kwa 40. Tuseme vilele viwili, yaani bei kupanda mara mbili hadi karibu kiwango kilekile na kugota, havina habari yoyote ndani yake, na kila mara ulipoviona ilikuwa sawa na kurusha sarafu: nusu bei ishuke pipsi 20, yaani 0.0020, kwanza na kufika kwenye lengo lako, nusu ipande pipsi 20 kwanza na kugusa stoplosi inayokukatia hasara. Je, sarafu ya namna hiyo inaweza kukupa 25 au zaidi kwa mirusho 40? Fungua jedwali lolote la kompyuta au simu, andika hivi:

```
=1-BINOM.DIST(24,40,0.5,TRUE)
```

Itakujibu 0.0769, yaani takriban mara moja katika kila 13. Si jambo la kila siku, lakini si ajabu pia. Ukirusha sarafu 40, bahati peke yake inaweza kukupeleka popote kati ya 14 na 26 bila mtu kushangaa. Namba yako iko ndani ya uwanja huo.

Sasa nikuulize jambo ambalo wewe tu unalijua. Kabla ya kutulia kwenye dakika 15 na pipsi 20 kwa 20, ulijaribu mipangilio mingapi? Kwa mwaka na nusu nadhani ulipitia dakika 5, dakika 30, saa moja, ukajaribu kichwa na mabega, pembetatu, RSI, wastani unaosogea, kisha ukabaki na hiki kwa sababu ndicho kilichoonekana kufanya kazi. Kama ni mipangilio 20 na yote haina kitu, uwezekano wa angalau mmoja kukupa 25 kwa 40 au zaidi ni kama asilimia 80. Hapo matokeo mazuri hayakuambii chochote kuhusu soko. Yanakuambia umetafuta sana.

Kuna kasoro nyingine katika kuhesabu kwa kurudi nyuma, nayo naiogopa zaidi kwa sababu haionekani. Fikiria bei imepanda hadi 1.0850, ikashuka hadi 1.0832, ikapanda tena hadi 1.0848 na kuanza kusita. Kwa wakati huo, upande wa kulia wa mshumaa wa mwisho, ile alama ya dakika 15 kwenye chati, ni mweupe, hujui kitu. Ikishuka, mwezi ujao ukirudi utaona vilele viwili safi kabisa na utavihesabu. Ikipita 1.0850 na kuendelea juu, ukirudi hutaona vilele viwili. Utaona trendi iliyopumzika kidogo njiani, na jicho litapita. Kwa hiyo vile vilivyofeli vinajifuta vyenyewe kwenye orodha kabla hujavihesabu. Hukudanganya. Ndivyo jicho linavyofanya kazi likishajua mwisho wa hadithi.

Sasa rafiki yako na bahati yake. Hoja hiyo ni ya zamani. Louis Bachelier aliiandika Paris mwaka 1900 katika tasnifu yake kuhusu soko la hisa na dhamana. Mwaka 1953 Maurice Kendall, mtakwimu wa Uingereza, alichukua bei za wiki kwa wiki za hisa na bidhaa akitarajia kupata mizunguko, akakuta mwendo wa wiki hii karibu haumwambii lolote kuhusu wiki ijayo. Halafu mwaka 1959 Harry Roberts wa Chuo Kikuu cha Chicago akafanya jaribio ambalo ningependa ulifanye mwenyewe leo usiku. Alitengeneza "bei" kwa namba za bahati nasibu akazichora. Zikatoka chati zenye vichwa na mabega kama zile za soko halisi.

Kwenye jedwali lako, weka 100 kwenye A1, kisha kwenye A2 andika:

```
=A1+IF(RAND()<0.5,-1,1)
```

Ivute hadi A250, chora mstari. Kila ukiligusa jedwali itazaliwa chati mpya. Tafuta vilele viwili. Utavipata, tena vizuri. Utaona sapoti, kiwango ambacho bei inakataa kushuka chini yake, ambayo bei "imeiheshimu" mara tatu. Utaona hatua saba au nane mfululizo kwenda upande mmoja, na chati nyingine zitapanda tangu mwanzo hadi karibu na mwisho kiasi kwamba ungeapa kuna mnunuzi mkubwa nyuma yake. Hakuna mtu. Hapa ndipo wengi huelewa vibaya neno "nasibu": wanadhani bei ya nasibu ingekuwa inatetemeka mahali pamoja. Kinyume chake, mwendo wa nasibu hutangatanga mbali na kukaa upande mmoja muda mrefu. Kuona trendi kwenye chati si ushahidi kwamba trendi hiyo ilikuwa inatabirika.

Hoja hii pia haisemi bei haina sababu. Bei ya euro ina sababu nyingi: riba, mfumuko wa bei, vita. Inachosema ni kwamba sababu zinazojulikana zimeshaingia kwenye bei, na zitakazoisogeza kesho ni zile ambazo leo hakuna anayezijua.

Je, ni kweli kabisa? Hapana. Mwaka 1988 Andrew Lo na Craig MacKinlay walipima hisa za Marekani wiki kwa wiki kuanzia 1962 hadi 1985, na mwendo wa nasibu ukashindwa mtihani, hasa kwa kampuni ndogo. Na kuna jambo ambalo hata wewe unaliona kwa macho: ukubwa wa mwendo unatabirika. Siku yenye misukosuko hufuatwa na siku yenye misukosuko, na utulivu hufuatwa na utulivu. EUR/USD husinzia usiku wetu, kisha huchangamka kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja jioni, London na New York zinapokuwa wazi pamoja. Chati inakuonyesha hayo vizuri na yanakufaa kupanga stoplosi. Lakini kujua kwamba leo bei itakwenda mbali si kujua itakwenda upande gani, na pesa yako iko kwenye upande.

Vipi kuhusu sapoti na rezistansi, ile dari ambayo bei inashindwa kuipita? Hapa nina cha kusema kwa uzoefu, kwa sababu niliwahi kukaa miaka kadhaa kwenye dawati la fedha za kigeni la benki moja Nairobi, dola ikichezea karibu na shilingi 100. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kupokea maagizo ya wateja. Mwagizaji wa vipuri anapiga simu: "Ikifika 100 ninunulie laki mbili." Anayefuata, wa mbolea: "Mia kamili, kaka." Hakuna aliyewahi kuniambia 100.13. Daftari langu lilikuwa tupu kuanzia 100.05 hadi 100.20, na kwenye 100 kamili mstari umejaa. Bei ikiteremka kuelekea 100, ilikuwa inashuka kuingia kwenye rundo la wanunuzi. Ungekuwa unatazama chati tu ungesema "sapoti", na ungekuwa umesema kweli.

Carol Osler, akiwa katika benki kuu ya Marekani tawi la New York, alilipima jambo hili kwa makini. Alichukua viwango vya sapoti na rezistansi ambavyo kampuni sita zilikuwa zikiwatumia wateja wao kati ya 1996 na 1998, kwa mark ya Ujerumani, yen na pauni dhidi ya dola, akavilinganisha na viwango alivyochagua kwa bahati nasibu. Bei iligeuka kwenye viwango vya kampuni mara nyingi zaidi kuliko kwenye vile vya bahati nasibu. Baadaye akapata maagizo halisi ya benki moja kubwa na kuona chanzo: maagizo ya kuchukua faida yanarundikana kwenye namba kamili zenye sifuri mwishoni, na stoplosi zinarundikana nyuma yake kidogo. Ndiyo maana bei hugota kwenye namba kamili, na ikishaipenya hukimbia, kwa kuwa stoplosi moja inaamsha nyingine.

Kwa hiyo chati ina kitu. Nataka uelewe ukubwa wa hicho kitu. Osler alilinganisha na viwango vya bahati nasibu kwa sababu hata hivyo bei hugeuka mara nyingi. Ubora wa viwango vya kampuni ulikuwa nyongeza ndogo juu ya hapo, wala hakuwa akipima faida baada ya gharama. Na gharama ndiyo inayomaliza maneno yote.

Tuihesabu kwako. Tuchukue spredi, tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza unayomlipa broka, ya pipsi 1.5. Ulipohesabu kwenye chati hukuikata. Ukiwa na stoplosi 20 na lengo 20, kila biashara unaianza ukiwa nyuma kwa 1.5, kwa hiyo ili usipate wala usipoteze unahitaji kushinda asilimia 53.75 ya zile ulizohesabu kwenye chati, si 50. Ukipunguza stoplosi na lengo hadi pipsi 10, kama vijana wengi wa dakika 5 wanavyofanya, unahitaji 57.5. Ukipanua hadi pipsi 100, unahitaji 50.75 tu. Soko ni lilelile, spredi ni ileile. Kadiri unavyokimbizana na miendo midogo, ndivyo unavyohitaji kuwa hodari zaidi ili tu usifilisike.

Kwa shilingi: milioni mbili yako ni chini ya dola elfu moja. Ukifanya biashara 40 kwa mwezi kwa loti 0.1, ambapo pipsi moja ni dola moja, spredi peke yake ni dola 60 kila mwezi, zaidi ya dola 700 kwa mwaka. Hiyo ni kabla ya kukosea hata mara moja zaidi ya sarafu. Ndiyo sababu sishangazwi na takwimu za waliotangulia. Nchini Brazil watafiti waliwafuatilia watu walioanza kununua na kuuza mikataba ya faharisi ya hisa ndani ya siku moja kati ya 2013 na 2015. Wale 1,551 waliovumilia zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza. Na mamlaka ya masoko ya Ulaya ilipokaza masharti mwaka 2018, ilieleza kuwa akaunti kati ya asilimia 74 na 89 za wateja wa kawaida wa mikataba kama hii yako hupoteza pesa. Broka wanaohudumia Ulaya wanalazimika kuiandika asilimia yao. Kama wako ana tovuti ya Ulaya, ifungue uisome.

Umeniuliza juu ya vilele viwili, na kwa bahati nzuri ndugu yake, kichwa na mabega, amewahi kupimwa kwa haki. Kevin Chang na Osler huyohuyo waliandikia kompyuta kanuni kali za kuutambua mchoro huo, ili jicho la mtu lisichague, wakaupitisha kwenye sarafu sita dhidi ya dola tangu 1973 hadi 1994. Ulileta faida kwa mbili, mark na yen. Kwa nne zilizobaki haukuleta. Hata kwa zile mbili, kanuni rahisi za kufuata trendi, ambazo mtoto anaweza kuzifuata bila kuona mabega yoyote, zilileta faida zaidi. Yaani kama kulikuwa na kitu, kilikuwa ni trendi ya miezi, na ule mchoro ulikuwa njia ya mzunguko ya kuigusa.

Trendi ndiyo inayonifanya nimwambie rafiki yako "ngoja kidogo". Lakini hata hapo historia inafunza uangalifu. Mwaka 1992 Brock, Lakonishok na LeBaron walijaribu kanuni 26 rahisi, za wastani unaosogea na za kupenya viwango, kwenye faharisi ya Dow Jones kuanzia 1897 hadi 1986, wakakuta siku za "nunua" zikiwa bora waziwazi kuliko siku za "uza". Watu walifurahi. Mwaka 1999 Sullivan, Timmermann na White wakauliza swali lile nililokuuliza wewe: kanuni hizi zilichaguliwa kutoka kwenye ngapi? Wakakusanya karibu 8,000, wakasahihisha hesabu kwa ajili ya utafutaji huo wote. Kanuni bora ilisimama kwa data ya zamani. Walipoipeleka kwenye miaka kumi iliyofuata, 1987 hadi 1996, ilikuwa imekwisha nguvu. Kwenye sarafu kubwa vilevile, wastani unaosogea ulilipa miaka ya 1970 na 1980, kisha faida ikanyauka kuelekea miaka ya 1990. Upenyo unaojulikana na kila mtu huzibwa na wanaoutumia.

Uliosalia kwa muda mrefu ni mwendelezo wa miezi. Jegadeesh na Titman mwaka 1993 walionyesha kwamba hisa za Marekani zilizopanda zaidi kwa miezi 3 hadi 12 iliyopita ziliendelea kuzishinda zilizoshuka, kwa takriban asilimia 1 kwa mwezi, kati ya 1965 na 1989. Mwaka 2012 Moskowitz, Ooi na Pedersen walipima mikataba 58 ya sarafu, bidhaa, faharisi na hati fungani, wakakuta mwelekeo wa mwaka uliopita huendelea kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi nyuma kiasi. Hilo ni upenyo wa kweli kwa kadiri ushahidi unavyokwenda. Angalia sura yake, hata hivyo. Kwa soko moja peke yake ni mnong'ono. Hupata nguvu ukiusambaza kwenye masoko mengi. Unashika miezi, si dakika. Na huumiza: kati ya Machi na Mei 2009, soko lilipogeuka, hisa za Marekani zilizokuwa zimeanguka vibaya zaidi zilipanda asilimia 163 na zile zilizokuwa zikiongoza zikapanda 8 tu. Aliyekuwa ameuza za kwanza na kununua za pili alipigwa vibaya sana kwa miezi mitatu tu.

Sasa wewe. Usiingize milioni mbili kwa ushahidi huu. Kama bado unaviamini vilele vyako, na mwaka na nusu si muda mdogo, viandikie kanuni ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata bila kukuuliza: kilele cha pili kisipishane na cha kwanza kwa zaidi ya pipsi ngapi, baada ya mishumaa mingapi, unaingia wapi, saa zipi. Kisha mpe ndugu au rafiki asiyejua chati aitumie kwenye data ya miaka ambayo hujawahi kuitazama, akiificha sehemu ya kulia na kuisogeza mshumaa mmoja mmoja, akikata 1.5 kila biashara. Hesabu 400, si 40. Kwa 400, sarafu huishia kati ya 180 na 220, kwa hiyo hata ushindi wa asilimia 55 ndio kwanza unafika ukingoni. Aandike kila ishara kabla hajasogeza mshumaa unaofuata, pamoja na zile zilizogeuka zikawa trendi iliyopumzika.

Mwombe huyo rafiki yako wa uchumi ndiye awe anayehesabu. Anayetarajia kushindwa kwako hatazisahau zile zilizofeli.